Mshahara haujalipwa? Anza kwa ensipekta wa kazi

Tuchukue mfano: umevuna kahawa miezi 2 kwa patro hapa Rutshuru, naye hajakulipa. Usikimbilie tribinali ya kazi. Sheria namba 015/2002 inataka kwanza ensipekta wa kazi awaite nyote wawili, mujaribu kupatana. Mukishindwa, anaandika prosevebali. Bila karatasi ile, tribinali haipokei mashtaka. Hauna mkataba ulioandikwa? Leta mashahidi na daftari la siku ulizotumika, sheria inaruhusu. Mbele ya juji unaweza kujisemea mwenyewe, bila avoka. Kwa shauri la bure, tunakutuma kwa Baro ya maavoka ya Goma, ao kwa sendika. Lakini usikawie: deni la mshahara linakufa mwaka 1 kisha siku ulipaswa kulipwa.