Kununua ya kesho ao kununua ya leo: namna mbili za kuchagua aksio

Mutu aliyepokea dekonte yake kule Kolwezi anaweza kuonyeshwa mali mbili. Ya kwanza ni kiwanja kitupu, mbali na muji, lakini wanasema barabara itapita pale. Ya pili ni nyumba ya matofali katikati ya muji. Mwenyewe amebanwa na madeni, anaiuzisha chini ya bei yake. Kwa kiwanja analipa kesho. Kwa nyumba analipa kitu ambacho macho inaona leo.

Wanunuzi wa aksio, ni kusema vipande vya sosiete, wanagawanyika vilevile. Wamoja wanatafuta sosiete inayokua mbio. Wengine wanatafuta sosiete ambayo bei yake imeshuka kupita mali yake. Mifano ya zote mbili tuko nayo hapa kwetu.

Ya kukua ni Ivanhoe Mines, sosiete ya Kanada yenye sehemu kubwa katika Kamoa-Kakula. Mwezi wa 3 wa 2020 mugodi haukuwa bado umeuzisha shaba, na aksio ilikuwa chini ya dola 3 za Kanada kule Toronto. Konsantre ya kwanza ikatoka mwezi wa 5 wa 2021. Mwaka 2024 mugodi ukatoa tani 437 000 za shaba, na aksio ikapita dola 15.

Sasa ona hatari yake. Mwezi wa 5 wa 2025 mitetemeko ilipiga chini ya ardhi kule Kakula, maji ikaingia. Sosiete ilikuwa imeahidi tani 520 000 mpaka 580 000 kwa mwaka ule. Ikashusha hesabu mpaka 370 000 na 420 000. Aksio ikaanguka. Shaba haikutoroka, ilichelewa tu. Lakini mwenye kununua wakati bei iko juu alikuwa amekwisha kulipa ile kesho yote, na kesho ikakawia.

Ya pili ni Glencore. Mwaka 2011 iliingia katika bursi ya Londre kwa peni 530 aksio moja. Halafu bei ya shaba ikashuka, na deni lake lilikuwa karibu dola miliari 30. Mwezi wa 9 wa 2015 ikatangaza kusimamisha uzalishaji wa Katanga Mining hapa Kolwezi, na tarehe 28 ya mwezi ule aksio ikafika chini ya peni 70. Watu walikimbia. Aliyebaki na kufanya hesabu aliona migodi ingali pale, na sosiete inauzisha mali, inatafuta pesa mupya na kukata malipo ya faida ili ilipe deni. Mwisho wa 2016 aksio ilipita peni 250.

Lakini si kila cha bei rahisi ni nafuu. Nyumba ya muji inaweza kuwa na nyufa katika musingi. Kama deni linapaswa kulipwa mwaka kesho na hakuna pesa, ao kama mugodi unakaribia kwisha, bei iko chini kwa sababu nzuri, na itashuka tena.

Kuko hesabu moja ya kuanzia: gawanya bei ya aksio kwa faida ambayo kila aksio inapata kwa mwaka. Bei dola 40, faida dola 1: unalipa faida ya miaka 40, basi sosiete inapaswa kukua sana. Bei dola 8, faida dola 1: unalipa miaka 8 tu, basi uliza kwa nini wengine hawaitaki. Ila faida ya mugodi inafuata bei ya shaba. Kwa hiyo tazama miaka mingi, si mwaka mumoja muzuri.

Namna ya kwanza inafaa kijana mwenye mushahara, asiyehitaji ile feza kwa miaka kumi, na anayeweza kuona nusu yake ikipotea bila kuuzisha kwa woga. Ya pili inafaa mutu mupole, anayesoma hesabu za deni, na anayevumilia kuchekwa miaka miwili, mitatu. Mwenye dekonte ya kulipa minerval ya watoto mwezi wa 9 hafai kwa yoyote.

Na kuko jambo la mufanyakazi wa mugodi peke yake. Mushahara wako tayari unategemea shaba. Mwaka 2015, mutu wa Kolwezi mwenye aksio za ile sosiete angeona kazi inasimama na akiba inaanguka mwezi mumoja. Ukichagua kukua ao bei ya chini, itafute nje ya shaba.