Kosa la "I am agree with you"

Mzungumzaji wa Kiswahili ajifunzaye Kiingereza huenda akasema "I am agree with you". Msikilizaji humwelewa mara moja, kwa kuwa maana yote imo katika "agree". Hata hivyo sikio la Mwingereza hukwazwa. Kosa limo katika "am".

Chanzo kimojawapo ni umbo la "ninakubali". Mwanafunzi amekwisha kufundishwa kwamba "ninasoma" ni "I am reading". Basi hudhani kuwa "ni-" ni "I", "-na-" ni "am", kisha huweka "agree" mahali pa "-kubali". Lakini "-na-" ni kiambishi cha wakati tu. "Am" ni kitenzi, nacho hufuatwa na jina, na sifa, au na kitenzi chenye "-ing". "Agree" chenyewe ni kitenzi, hakihitaji kingine cha kukitegemeza. Wala "I am agreeing" si dawa hapa, maana Kiingereza huhesabu kukubali kuwa ni hali, si tendo liendelealo.

Basi "am" iondolewe: "I agree with you". Kipimo chake ni kukanusha. Mwingereza husema "I do not agree", wala hasemi "I am not agree". Hiyo "do" yadhihirisha kwamba "agree" ni kitenzi. Atakaye kubaki na "am" hana budi kuweka jina: "I am in agreement with you", ingawa usemi huo ni mzito. "We are agreed" nao ni sahihi, kwa kuwa "agreed" hapo yaonyesha hali iliyokwisha kufikiwa, kama vile Mswahili asemapo "tumekubaliana".