Kwa nini ankara ya kweli hutupwa na barua taka

Kichujio cha barua taka hakielewi barua, kinahesabu maneno. Ndiyo njia aliyoieneza Paul Graham mwaka 2002, na bado inatumika.

Tuseme kichujio cha karani wa duka la vipuri kimejifunza kwa barua taka 200 na halali 200. Neno “ankara” limo katika taka 40 na halali 2 tu: asilimia 20 dhidi ya 1. Alama yake ni 20 ÷ 21, karibu 0.95. Matapeli wanalipenda neno hilo, na msambazaji mwaminifu ndiye anayeumia.

Karani akibonyeza “Si taka” kwa ankara 10 zilizohesabiwa kimakosa, namba huhama pande zote mbili: taka 30 kati ya 190, halali 12 kati ya 210. Alama hushuka hadi 0.73. Neno bado linaelemea taka, ila jina la msambazaji, lisiloonekana kwenye taka yoyote, sasa linavuta barua upande wa halali.

Akizifuta tu bila kusahihisha, kosa hubaki kwenye hesabu kama somo.