Alisafishwa, habari ikabaki

Tarehe 2 Juni 2006, gazeti la The Times la London liliandika kwamba polisi walikuwa wakimchunguza mpelelezi wao, Sajini Flood, kwa tuhuma za kupokea rushwa ili atoe siri kwa kampuni ya ulinzi iliyohudumia matajiri wa Kirusi. Habari hiyo iliwekwa pia kwenye tovuti. Uchunguzi ulipokwisha haukupata ushahidi dhidi yake, na Septemba 2007 gazeti likajulishwa. Hata hivyo, kwenye tovuti habari iliendelea kusomeka vilevile hadi Oktoba 2009.

Flood alishtaki. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba gazeti lilikuwa na haki ya kuchapisha habari ile mwaka 2006, kwa kuwa iliugusa umma na waandishi walifanya kazi kwa uangalifu. Lakini kinga hiyo haikuifunika tovuti baada ya Septemba 2007, kwa sababu kuanzia hapo wahariri walijua tuhuma hazikuthibitika na hawakuandika lolote. Mwaka 2013 Flood alipewa fidia ya pauni 60,000.

Kwa hiyo habari iliyokuwa sahihi siku ilipotoka inaweza kuja kumdhulumu mtu bila neno lake hata moja kubadilika. Mhariri anayepata malalamiko ya namna hii ana njia tatu: kuihuisha habari, kuiongezea maelezo, au kuiondoa.

Kabla ya kuchagua, hana budi kujua mlalamikaji alisafishwa vipi. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka anaposema hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa huachiwa, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. Kenya pia, kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, mlango haujafungwa. Mtu aliyeachiwa huru kwa hukumu ya mahakama yuko mahali pengine kabisa, sawa na yule aliyefungwa kisha akashinda rufaa. Mhariri aombe nakala ya hukumu, asome uamuzi, na aulizie kama kuna rufaa inayoendelea. Kuandika “hana hatia” pale ambapo kesi imeondolewa tu ni kosa jipya juu ya la zamani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka 2016 tovuti iliandika: “Mhasibu kortini kwa wizi wa milioni 40 za Saccos.” Mwaka 2019 mahakama ikamwachia huru. Leo kila mwajiri anayelitafuta jina lake mtandaoni anakutana na kichwa kile.

Maelezo ya mhariri peke yake, hasa yakiwekwa chini kabisa, hayamsaidii mhasibu huyu. Anayetafuta jina huona kichwa na mistari miwili, na wengi hawafungui habari yenyewe. Dawa ni kuunganisha njia mbili za kwanza. Kichwa kibadilike: “Mahakama yamwachia huru mhasibu aliyeshtakiwa kwa wizi wa Saccos.” Juu ya aya ya kwanza iwekwe taarifa yenye tarehe, ikieleza kwamba habari ilichapishwa mwaka 2016, kwamba mshtakiwa aliachiwa huru mwaka 2019, na kwamba kichwa kimebadilishwa. Maandishi ya awali yabaki chini yake. Wahariri wasisahau kichwa kinachosomwa na mitambo ya utafutaji, ambacho mara nyingi huhifadhiwa mahali tofauti na kile kinachoonekana kwenye ukurasa.

Kuondoa habari huonekana kuwa huruma kubwa zaidi, ila kuna hasara zake. Tovuti nyingine zilizoinakili hubaki nayo, na ukurasa pekee ambao ungeeleza kwamba mtu alishinda kesi ndio unaopotea. Kumbukumbu ya kazi ya polisi na waendesha mashtaka nayo hufutika. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi iliyotoka Poland mwaka 2013, ilikataa kuamuru makala ifutwe kwenye hifadhi ya gazeti, ikasema kuiongezea maelezo kungefaa.

Hata hivyo, kuondoa kuna mahali pake: habari ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, inamtambulisha mtoto, au inahatarisha maisha ya mtu. Palipo na madhara makubwa bila sababu hizo kuna njia ya kati. Ukurasa hubaki, lakini huwekewa agizo linaloizuia mitambo ya utafutaji kuuonyesha:

```
<meta name="robots" content="noindex">
```

Anayedai haki yake amwandikie mhariri, aambatanishe anwani ya ukurasa na nakala ya hukumu, na aseme wazi anataka nini kibadilishwe. Akipuuzwa, Baraza la Habari Tanzania na Tume ya Malalamiko ya Vyombo vya Habari nchini Kenya hupokea malalamiko. Na chumba cha habari kilichotangaza mashtaka ya mtu kifuatilie kesi hiyo hadi hukumu, kisimwachie yeye kazi ya kuja kuomba.