Kamera Haioni Utamu

Mkufunzi alifungua warsha kwa kuandika ubaoni: "Tengeneza video nzuri ya vitumbua vitamu vinavyovutia wateja." Kisha akawageukia wafanyabiashara wadogo waliokaa mbele yake. "Ndugu zangu, katika sentensi hii kamera itaona nini?"

Likabaki neno moja: vitumbua.

Na hilo nalo lina mushkeli. Programu za akili mnemba kama Veo ya Google huunda video kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa, yaani prompti. Zimefunzwa kwa picha na video nyingi, ila si kila chakula cha kwetu zinakijua vizuri. Ukiandika jina tupu, unaweza kuletewa donati. Dawa yake, alisema mkufunzi, ni kueleza umbo la kitu kana kwamba unamsimulia mtu asiyewahi kukiona.

Akaifuta ile sentensi, akaandika upya:

"Mkono wa mwanamke unageuza kitumbua kwa kijiti, kwenye kikaango chenye vishimo vya mviringo, juu ya jiko la mkaa. Kitumbua ni cha duara, kinene katikati, kingo zake za kahawia. Mvuke unapanda. Kamera iko karibu, inasogea polepole kuelekea kikaango. Jua la asubuhi linatoka kushoto. Sauti ya mafuta yakichemka. Video ya wima."

Humo mna kitu chenyewe, tendo, mahali, mwendo wa kamera, mwanga na sauti. "Wima" imewekwa kwa sababu wateja wengi hutazama kwenye simu, hasa status za WhatsApp.

Tendo ni moja tu, na kwa makusudi. Veo 3, iliyotoka mwezi Mei 2025, ilitoa vipande vya sekunde 8 pamoja na sauti. Ukitaka unga ukorogwe, vitumbua viive, vifungwe na mteja alipe, yote ndani ya sekunde hizo, matendo yatagongana. Afadhali kila tendo liwe na kipande chake, kisha uviunganishe kwenye simu.

Video ikishatoka, mkufunzi aliwaasa waitazame polepole. Wahesabu vidole vya ule mkono. Waangalie kama kitumbua kimebadilika umbo kilipogeuzwa. Penye kasoro, wabadilishe jambo moja tu kwenye prompti, la sivyo hawatajua kipi kimesaidia. Bei na namba ya simu waziongeze wenyewe wakati wa kuhariri, maana herufi ndani ya video hizi mara nyingi huvurugika.

Aliloweka mkazo zaidi ni uaminifu. Programu kadhaa huruhusu kuanza na picha uliyopiga mwenyewe, na mwenye bidhaa aitumie njia hiyo. Mteja aliyeonyeshwa vitumbua vinene akaletewa vyembamba atahesabu kwamba ametapeliwa.

Zoezi la kwanza likawa la kalamu na karatasi: kila mmoja aieleze bidhaa yake bila kuandika "nzuri", "tamu" wala "bora".