Habari nzito mdomoni mwa mkalimani

Kifua kinapanda na kushuka, moyo unadunda, mkono bado una joto. Lakini madaktari wamethibitisha kwamba ubongo wote umekufa, na kwa sheria za Marekani huyo ni marehemu. Tuseme ni mzee mkimbizi kutoka Kivu Kusini, aliyevuja damu kichwani. Familia yake haijui Kiingereza. Maneno ya daktari yatawafikia kwa kinywa cha mkalimani wa hospitali.

Mkalimani mzoefu huanza kazi nje ya mlango. Humuuliza daktari atasema nini na familia inajua nini hadi sasa. Humwomba atumie sentensi fupi, tena aseme waziwazi kwamba mzee amefariki, kwani mafumbo ya kufariji hupotoka yakivuka lugha. Chumbani huketi kando ya mke wa marehemu, nyuma kidogo, ili mama na daktari watazamane.

Daktari akisema, "Pole sana mama, mume wako amefariki," naye husema hivyo hivyo, bila kutanguliza "daktari anasema".

"Mbona anapumua?" shemeji anauliza.

Daktari anaeleza: macho hayakuitikia mwanga, koo halikukohoa lilipoguswa, na alipotolewa kwenye mashine kwa dakika kadhaa huku akipewa oksijeni, hakuvuta pumzi hata moja. Hewa inasukumwa na mashine, na moyo unaendelea kudunda kwa muda kwa sababu unapata oksijeni hiyo.

Hapa ndipo kishawishi kinapomjia mkalimani: aseme tu hali ni mbaya sana, tumwombe Mungu. Yaonekana ni huruma. Lakini familia itakesha ikingoja mzee aamke, na mashine ikizimwa wataamini hospitali ndiyo iliyomuua. Upole wake auweke kwenye sauti, na kwenye subira ya kuacha kilio kipite kabla ya sentensi inayofuata. Habari yenyewe haipunguzi.

Shemeji anamgeukia: "Dada, wewe ni wa kwetu. Wanatuficha nini?" Hamjibu pembeni. Anamwambia kwamba swali hilo atamfikishia daktari, kisha analifikisha lilivyo, pamoja na shaka iliyomo. Wapo wanaouona huo ni ubaridi. Mimi naona ni haki, maana shaka isiyomfikia daktari haiwezi kujibiwa naye.

Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kumpatia mgonjwa asiyemudu Kiingereza mkalimani bila malipo. Mtoto hatakiwi kutumiwa kutafsiri, isipokuwa kwa muda tu, katika dharura inayotishia usalama au ustawi wa mtu wakati mkalimani hajapatikana. Kama una ndugu huko, mwambie aombe mkalimani tangu mapokezi, na ataje ni Kiswahili cha Kongo, cha bara au cha pwani.