Siku Kumi na Mbili za Noeli

Nchini Uingereza, familia mbili jirani zinaweza kutofautiana kuhusu siku ya kushusha mapambo ya Krismasi. Moja huyashusha tarehe 5 Januari jioni, nyingine tarehe 6. Chanzo ni hesabu. Anayeanza na Krismasi yenyewe hufikia siku ya kumi na mbili tarehe 5 Januari, mkesha wa Epifania. Anayeanza tarehe 26 Desemba huifikia siku ya Epifania yenyewe.

Lakini kwa nini Epifania? Zamani Wakristo wengi wa Mashariki waliadhimisha kujidhihirisha kwa Kristo, hasa ubatizo wake, tarehe 6 Januari, huku Roma ikishika 25 Desemba. Katika karne ya nne pande hizo zilianza kupokeana sikukuu, na Magharibi ikaifanya Epifania siku ya mamajusi. Mwaka 567, Mtaguso wa Tours, huko Ufaransa ya leo, ulizitambua siku za katikati kuwa za sikukuu. Msimu ukapata milango miwili: kuzaliwa kwa mtoto, kisha kuonyeshwa kwake kwa mataifa.

Wakatoliki wa leo huendelea kidogo: kalenda yao hufunga Noeli kwa Ubatizo wa Bwana, ambao kwa kawaida huangukia Jumapili inayofuata tarehe 6 Januari.